Faida "isiyopatikana" na faida "ambayo haijapatikana"

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhasibu msaidizi wa tawi, Makambako. Makao makuu yako Mbeya, na hutuletea mabati kwa bei waliyonunulia wakiongeza asilimia 25. Kwenye taarifa ya wanahisa niliandika: "Faida isiyopatikana iliyomo kwenye stoku ya tawi, asilimia 25, imefutwa." Mzee mmoja akasimama akauliza ni faida gani hiyo isiyopatikana, na nani kaifuta. Nilikosa jibu. Ningeandikaje?*

Marahaba. Mzee wako alisoma kilichoandikwa, si ulichokusudia. Sentensi ina makosa mawili ya lugha ambayo yanarekebishika kwa kalamu, na kosa la tatu ambalo naogopa limeshaingia kwenye tarakimu zako.

Tuanze na "isiyopatikana". Kirejeshi hiki cha kukanusha hakina wakati ndani yake. Kinaeleza hali ya kitu ilivyo, jana, leo na kesho. Dawa isiyopatikana ni dawa ambayo hata ukizunguka maduka yote ya Mwanjelwa utarudi mikono mitupu. Parachichi lisiloiva ni la kutupa, lakini parachichi ambalo halijaiva unalifunga kwenye gazeti unasubiri. Tofauti yote imebebwa na kile "-ja-" kidogo, na kirejeshi cha "-siyo-" hakina nafasi ya kukipokea. Ukitaka "-ja-" lazima uite "amba-". Najua walimu wengi wa insha wanaichukia "ambayo" kwa kuwa inarefusha sentensi. Hapa irefushe tu. Andika "faida ambayo haijapatikana".

Uhasibu wenyewe unasema "bado", hausemi "hakuna". Tawi la Makambako na makao makuu ya Mbeya ni kampuni moja, na mtu hawezi kujiuzia mwenyewe kitu akapata faida, hata akijiandikia ankara ya kurasa kumi. Bati likitoka ghala la Mbeya likaingia ghala la Makambako limehama chumba tu. Faida inapatikana siku ambayo fundi au mwenye nyumba, mtu wa nje, analinunua. Bati lililobaki kwenu tarehe 31 Desemba limebeba faida inayongoja mnunuzi. Mama mmoja mwenye maduka mawili ya vifaa vya ujenzi aliwahi kuniambia kwamba yeye huiita "faida iliyolala", kama mzigo uliolala. Kwenye taarifa rasmi sitaliandika neno lake, ila mbele ya mzee wako ningelitumia bila aibu.

Wengine huandika "faida isiyotambuliwa". Hilo ni baya zaidi, kwa sababu ni uongo. Makao makuu wameitambua faida hiyo tangu siku walipokuandikieni ankara, na imo kwenye vitabu vyao. Ingekuwa haijatambuliwa, tusingekuwa na kazi ya kuiondoa.

Kosa la pili ni "imefutwa". Masikioni mwa mfanyabiashara, kinachofutwa ni deni lililoshindikana. Faida ikifutwa, mzee anasikia hasara, anaanza kutafuta mwizi. Usikimbilie "imetolewa" pia, maana gawio nalo hutolewa, na mwanahisa anaweza kudhani fedha zimegawiwa yeye hayupo. Neno ni "imeondolewa", kisha utaje imeondolewa wapi. "Stoku" siigombi, ingawa masikio mengi yatasikia "stoo", yaani chumba. "Bidhaa zilizobaki" ni salama zaidi.

Sasa asilimia 25. Hapa nitakaa kidogo.

Sentensi yako haisemi ni asilimia 25 ya nini. Watu husema "asilimia 25 juu ya gharama", na kwa kuwa "juu ya" pia ni "kuhusu", kila mmoja anaondoka na lake. Neno "ya" peke yake linatosha, mradi lifuatiwe na kitu kinachogawanywa: asilimia 25 ya gharama, au asilimia 25 ya ankara. Hizo ni fedha mbili tofauti.

Tuseme bati moja limenunuliwa Sh 20,000. Robo ya gharama ni Sh 5,000, hivyo linafika Makambako kwa ankara ya Sh 25,000. Ile Sh 5,000 ni robo ya 20,000, lakini ni humusi ya 25,000, yaani sehemu moja ya tano. Wazee waliosoma hesabu kwa majina ya sehemu hawakosei hapa, kwa sababu majina yenyewe yamejipanga kama ngazi: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi. Ukitoka kwenye gharama kwenda kwenye ankara unashuka kipago kimoja. Nusu ya gharama ni thuluthi ya ankara, thuluthi ni robo, robo ni humusi, na humusi ni sudusi. Tulipoziacha sehemu tukashika asilimia, ngazi hiyo tuliitupa, na sasa tunahitaji kikokotoo.

Angalia inavyogharimu. Chukua mwaka ambao Mbeya imekuleteeni mabati 800. Gharama yake ni Sh 16,000,000 na ankara ni Sh 20,000,000. Mkauza 600 kwa Sh 30,000 kila moja, yakabaki 200. Vitabu vya tawi vinaonyesha faida ya Sh 5,000 kwa kila bati lililouzwa, jumla Sh 3,000,000. Vitabu vya makao makuu vinaonyesha faida ya Sh 4,000,000 kwa mabati yote 800. Ukijumlisha unapata Sh 7,000,000. Lakini kampuni nzima imeuza mabati 600 tu, kila moja limenunuliwa 20,000 na kuuzwa 30,000, kwa hiyo faida ya kweli ni Sh 6,000,000. Milioni moja iliyozidi iko Makambako, imelala ndani ya mabati 200.

Mabati hayo yamo kwenye hesabu ya tawi kwa bei ya ankara, Sh 5,000,000. Anayeshika "asilimia 25" bila kuuliza ya nini atapiga 5,000,000 mara 25 kwa mia, apate Sh 1,250,000, aiondoe hiyo. Kipimo ni rahisi: baada ya kuondoa, gawanya kilichobaki kwa idadi ya mabati. Sh 3,750,000 kwa mabati 200 ni Sh 18,750. Nani aliwahi kununua bati kwa bei hiyo? Hakuna. Ukiondoa humusi, Sh 1,000,000, inabaki 4,000,000, na kila bati linarudi kwenye Sh 20,000 yake. Kiwango cha kimataifa IAS 2 kinataka bidhaa zionyeshwe kwa gharama, au kwa kinachoweza kupatikana zikiuzwa kama hicho ni kidogo zaidi, na kwa kuwa mabati haya yanauzwa kwa zaidi ya gharama, jibu lolote lisiloishia kwenye gharama lina kasoro. Nenda kafungue karatasi zako uone ulishika lipi.

Jihadhari na nauli ya lori. Gharama ya kufikisha mabati Makambako ni gharama halisi, na kiwango hichohicho kinaihesabu ndani ya thamani ya bidhaa. Kama makao makuu wameificha nauli ndani ya ile asilimia 25, basi si nyongeza yote iliyo faida, na usiondoe zaidi ya faida. Waulize. Na kama lori lililoondoka Mbeya tarehe 30 Desemba lilikuwa bado barabarani mwaka ulipofungwa, mabati yake nayo yamebeba faida ambayo haijapatikana, japokuwa hayamo kwenye hesabu yako ya ghalani. Hayo huondolewa na makao makuu.

Neno lingine la kuliangalia ni jina la akaunti. Kazi hii hufanywa Mbeya: wanadebiti taarifa ya mapato Sh 1,000,000, wanakrediti akaunti ambayo wengi huiita "akiba ya faida". Liacheni hilo. Mwanahisa akisikia akiba anaona fedha benki, ilhali hapo hakuna hata senti. Ni tarakimu inayopunguza thamani ya bidhaa kwenye mizania. Mimi ningeiita "tengo la faida ambayo haijapatikana", kutokana na kutenga. Na ile nyongeza iite "nyongeza ya bei". Usithubutu kuandika "cha juu" kama nilivyoona kwenye barua moja ya ofisi. Cha juu ni cha dalali, na kinaishia mfukoni.

Basi andika hivi: "Bidhaa zilizobaki tawini zina thamani ya Sh 5,000,000 kwa bei ya ankara. Ndani yake imo faida ya Sh 1,000,000 ambayo haijapatikana, kwa kuwa bidhaa hizo hazijauzwa nje ya kampuni. Faida hiyo, ambayo ni robo ya gharama, imeondolewa kwenye faida ya mwaka na kwenye thamani ya bidhaa." Ni ndefu kuliko yako zaidi ya mara nne. Mzee atakaa chini.

Nakuongezea la mwakani, maana ndiko watu wengi hujikwaa. Tuseme Desemba ijayo mmebakiwa na mabati 140, yaani Sh 3,500,000 kwa ankara. Humusi yake ni Sh 700,000. Msiondoe 700,000 nyingine, kwa sababu tengo lina 1,000,000 tayari. Mkifanya hivyo mtakuwa mmewaadhibu wanahisa mara mbili kwa mabati yaleyale. Tengo linashushwa hadi 700,000, na Sh 300,000 inarudi kwenye faida ya mwaka huo. Kwa lugha, ni "haijapatikana" inayogeuka kuwa "imepatikana". Ndiyo maana nilikuzuia usiandike "isiyopatikana": isiyopatikana ingerudije? Sentensi ya mwakani basi itakuwa hivi: "Faida ya Sh 300,000 iliyoondolewa mwaka uliopita sasa imepatikana na imerudishwa kwenye faida ya mwaka huu."