Viganja vinawasha usiku na kipimo cha ini ni "kawaida"? Usilale na hilo jibu

"Nina wiki 33, mimba ya kwanza. Usiku nawashwa viganja na nyayo mpaka silali, ila upele sina. Kipimo cha ini wamesema kawaida, dukani nimepewa piritoni. Ni joto tu? Nipake mafuta gani, na mayai niache? Niko Mbagala."

Dada, rudi hospitali kesho asubuhi udai kipimo cha asidi za nyongo, maana huo unaweza kuwa ugonjwa wa ini wa ujauzito, ule ambao nyongo haitiririki vizuri ikarudi kwenye damu. Hilo neno "kawaida" nililishikilia wiki tatu nzima, karibu linitoe roho.

Mimi nilianza kuwashwa wiki ya 32, mwezi Februari, na joto la Dar unalijua. Jirani akasema ni nywele za mtoto. Kijana wa duka la dawa akanipa piritoni na losheni ya kalamini, akaniambia nibadilishe sabuni. Nikabadilisha sabuni, nikabadilisha na shuka, bado kidogo nibadilishe mume. Usiku nakaa sakafuni nimekanyaga vigae nipate ubaridi, nakuna nyayo kwa kitana. Ngozi haina kitu isipokuwa michubuko ya kucha zangu mwenyewe.

Wiki ya 33 nikaenda kliniki, nikapimwa vimeng'enya vya ini, ile ALT. Majibu yakatoka safi. Aliyenisomea hakuinua hata macho: "Ini lako zima mama, punguza mawazo." Nikatoka pale natabasamu kama nimeshinda bahati nasibu. Kosa langu ndilo hilo, dada, na kosa lake pia, sijamsamehe mpaka leo. ALT inaonyesha seli za ini zinazoumia. Haipimi nyongo inayotiririka polepole mpaka ikarudi kwenye damu. Asidi za nyongo zinaweza kuwa juu huku ALT imetulia. Halafu mwasho unaweza kutangulia, damu ikaja kubadilika wiki moja au mbili baadaye. Jibu zuri la leo ni la leo tu. Kama bado unawashwa, unapimwa tena baada ya wiki moja, vipimo vyote viwili. Mimi sikurudi kwa sababu nilishaambiwa nina mawazo.

Wiki ya 36 mkojo ukawa kama chai ya rangi. Dada yangu akanibeba kwa bajaji mpaka hospitali nyingine, na huko daktari mama mmoja mtu mzima akauliza swali moja tu: "Viganja na nyayo, usiku?" Akaandika asidi za nyongo. Nilikuwa nimeshakula, akasema hakuna haja ya kufunga. Majibu: 108.

Namba hizo ni za maikromoli kwa lita, na zinasomwa hivi. Chini ya 19 kwa mjamzito haina tatizo. Kuanzia 19 ndiyo wanasema una ugonjwa huu wa ini wa ujauzito, na kuanzia 40 wanakuangalia kwa karibu zaidi. Ikifika 100 mambo yanabadilika: katika mimba za mtoto mmoja, karibu watoto 3 kati ya 100 hufia tumboni. Chini ya 40 hatari haizidi ile ya mimba nyingine, kwa hiyo usianze kulia kabla hujaiona namba yako.

Sasa hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Walinifunga mashine ya mapigo ya moyo ya mtoto, yakawa mazuri mno. Nikamwambia daktari, basi si yuko salama? Akanijibu kwamba yuko salama saa hii. Asidi hizo zinavuka kondo la nyuma, na inadhaniwa zinavuruga mapigo ya moyo wa mtoto ghafla, bila yeye kudhoofika kwanza. Altrasaundi inaweza kuwa nzuri leo na kesho ikawa msiba. Ndiyo maana wanaifuatilia damu ya mama, na namba ndiyo inayopanga tarehe ya kuzaa. Ikiwa 100 au zaidi, wanakuzalisha kwenye wiki ya 35 au 36. Mimi nilianzishiwa uchungu kesho yake, maji yakatoka ya kijani, mtoto ameshajisaidia humo ndani. Alikaa chumba cha watoto wachanga siku nne. Sasa hivi anapanda meza.

Piritoni itakusaidia kusinzia, basi. Hata vidonge vya kusaidia nyongo nilivyopewa mwishoni, daktari aliniambia wazi vinaweza kupunguza mwasho kidogo, ila havijathibitika kumlinda mtoto.

Piga simu maabara kwanza uulize kama wanapima asidi za nyongo na majibu yanatoka lini, maana si kila maabara inapima. Mtoto akipunguza kucheza, usisubiri majibu, nenda saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane.

Ukishapima weka namba hapa. Namba, dada. Usituandikie "kawaida".