Jibu: Namba 30 na ziwa, ni Entebbe au Mwanza?

"Picha ya dirishani, naona namba 30 imeandikwa kwenye njia ya kurukia, pembeni kuna ziwa. Ni Entebbe?"

Salamu ndugu. Hapo bado si uhakika, maana Mwanza nayo ina njia ya 12/30, yaani 12 mwisho mmoja na 30 mwisho wa pili, kando ya Ziwa Viktoria. Anza kwa kutafuta njia ya pili. Entebbe zipo mbili, 17/35 na 12/30. Mwanza ni moja. Namba ni nyuzi za dira zilizogawanywa kwa kumi, kwa hiyo 17 na 12 zinapishana kwa nyuzi 50 hivi. Usipime pembe hiyo moja kwa moja kwenye picha, kwa sababu ikipigwa kwa mshazari pembe hupotoka. Inamisha ramani ya setilaiti mpaka ilingane na picha, ndipo ulinganishe.

Ikionekana njia moja tu, hesabu mistari myeupe ya katikati. Mstari mmoja pamoja na nafasi yake ni kati ya mita 50 na 75. Njia ya 12/30 ya Entebbe ina mita 2,408, yaani mistari 32 hadi 48. Ya Mwanza inazidi mita 3,000.

Baada ya hapo fuata mistari ya njano: inatokea wapi kwenye njia ya kurukia, na inaingiaje kwenye maegesho? Rangi ya maegesho hupakwa upya, basi tumia picha ya setilaiti ya mwaka uleule. Ndege zilizoegeshwa usizitegemee, zinahama.