Mrefu hapigwi kwa urefu, anapigwa kwa kuwahi

Madogo, mazoezi yote ya kona nawaangalia na bado mnasimama palepale mpira unaposhukia, mmeinua shingo mnausubiri. Mtu kakuzidi kichwa kizima halafu unataka kugombea naye mpira wa kichwa kwa kuruka kutoka umesimama? Utampata wapi?

1. Acha nafasi mbele yako. Kaa hatua tatu hivi nyuma ya pale mpira utakapofika, ndo uingie kwa mbio uruke kwa mguu mmoja. Mrefu anapenda kuruka kutoka alipo, mbio zako ndo zinafidia zile sentimita. Tafuteni goli la Puyol, beki wa Hispania, dhidi ya Ujerumani, nusu fainali ya Kombe la Dunia 2010. Jamaa ana kama mita 1.78 tu, na Mertesacker, beki wa Ujerumani, yuko mle ndani anakaribia mita 2. Xavi anapiga kona dakika ya 73, Puyol anatokea mbali huko nyuma anakuja mbio, anaruka hadi anampita Pique wa timu yake mwenyewe, na mpira unakutana na paji lake, sio yeye anautafuta.

2. Ruka kabla yake kidogo. Ukishakuwa hewani ile nafasi ni yako, yeye akiruka anakuja kugonga mgongo wako na refa anapuliza kwa faida yako. Hili mi nimelijua kwa aibu. Nilipewa straika mrefu nimkabe, mpira wa kwanza nikamwekea mkono begani nijiinue, faulo. Basi nikaogopa, kona iliyofuata nikamganda ubavuni namwangalia yeye badala ya mpira, nasubiri aruke ndo niruke. Alivyoruka mi bado nakunja magoti. Nikaenda juu nimechelewa, mpira ukanigonga utosini ukateleza nyuma hadi nguzo ya pili, winga wao akagusa tu, goli. Kipa wetu maneno aliyonipa siwezi kuyaandika hapa. Kwa hiyo ukiona mpira unakugonga utosini badala ya kwenye paji, jua umechelewa au umekimbia ukapitiliza chini yake.

3. Beki piga nusu ya chini ya mpira, uende juu, mbali na pembeni; straika piga nusu ya juu, uelekee chini kwenye mstari, makipa wanauchukia sana huo.

4. Mikono inakuvuta juu wakati unaruka, lakini viwiko vikipanda usoni kwa mtu ni kadi, usije kunililia.

5. Kuna mipira huipati hata uruke vipi, we ruka tu. Akipiga kichwa huku umemgusa bega kihalali hapigi anavyotaka, mpira unaenda hovyo, na hapo mwenzako awe ameshakaa hatua chache nyuma yenu kuokota mpira wa pili. Sio wote wawili mnaruka, jamani, kama jana.