Riba za Marekani zikipinduka, usikimbilie kuuza bondi zako

Katikati ya mwaka 2023 simu yangu haikutulia. Video za wachambuzi wa nje zilikuwa zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kila moja ikisema riba za Marekani zimepinduka na mdororo wa uchumi unakuja. Kwa kuwa nimewahi kufanya kazi ofisini kwa dalali wa hatifungani pale Posta, watu waliona mimi ndiye wa kuulizwa. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha akiba, chenye wanachama wengi wa Kariakoo na fedha kidogo kwenye hatifungani za Serikali, alikwenda moja kwa moja: "Kaka, tuuze?"

Nilimwambia tusiuze. Sababu zake ndizo hizi, maana swali lenyewe linarudi kila mara.

Serikali ya Marekani, kama yetu, inakopa kwa vipindi tofauti: miezi mitatu, mwaka, miaka miwili, kumi, hadi thelathini. Ukizipanga riba hizo kwenye mchoro, za muda mfupi kushoto na za muda mrefu kulia, kwa kawaida mstari unapanda. Anayefungia fedha yake miaka kumi anataka alipwe zaidi ya anayeifungia miezi mitatu. Kupinduka ni pale mstari unaposhuka, yaani wa muda mfupi analipwa zaidi ya wa muda mrefu.

Chukua namba za tarehe 3 Julai 2023. Dhamana ya Serikali ya Marekani ya mwaka mmoja ilikuwa inalipa takribani asilimia 5.4, ya miaka miwili asilimia 4.9, na ya miaka kumi asilimia 3.9. Sasa jiulize, nani mwenye akili timamu anaacha 5.4 akachukua 4.9?

Fanya hesabu yake. Ana fedha ya kukaa miaka miwili na ana njia mbili. Anaweza kununua ya miaka miwili, apate 4.9 mara mbili, jumla 9.8. Au anunue ya mwaka mmoja kwa 5.4, ikiiva anunue nyingine kwa riba itakayokuwepo wakati huo. Ili njia hizi mbili zilingane, riba ya mwaka wa pili inatakiwa iwe 9.8 kutoa 5.4, yaani 4.4. Kwa hiyo anayekubali 4.9 leo anaamini kwamba baada ya mwaka mmoja riba itakuwa imeshuka kwa karibu pointi nzima, na anafungia ya leo kabla haijashuka. Wa miaka kumi anaamini hivyo kwa kipindi kirefu zaidi. (Nimeacha riba juu ya riba na fidia ya kusubiri muda mrefu. Ukiziingiza, namba inasogea kidogo lakini hoja inabaki ileile.)

Hapo ndipo mdororo unapoingia. Riba za muda mfupi zinaongozwa na Benki Kuu ya Marekani, ambayo kati ya Machi 2022 na Julai 2023 ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri hadi kati ya 5.25 na 5.50 ili kuua mfumuko wa bei. Soko likisema riba itashuka, linasema benki hiyo itaishusha yenyewe. Na kihistoria, kilichoifanya ishushe riba kwa kasi mara nyingi ni uchumi kuanguka na watu kupoteza kazi. Profesa wa fedha Campbell Harvey aliliandikia jambo hili tasnifu yake Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1986. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kila mdororo wa Marekani umetanguliwa na mchoro kupinduka. Ulipinduka mwaka 2006, mdororo ukaanza Desemba 2007.

Kuna na njia ya pili ya kupinduka kuleta mdororo, ya mabenki. Benki inachukua amana za muda mfupi na kukopesha kwa muda mrefu, na tofauti kati ya riba hizo mbili ndiyo ugali wake. Mchoro ukipinduka, amana zinakuwa ghali kuliko mapato ya mikopo ya zamani, na benki inabana mikopo mipya. Benki ya Silicon Valley ya huko Marekani ilikuwa imejaza dhamana za muda mrefu zenye riba ndogo. Riba zilipopanda, bei za dhamana hizo zikashuka, wateja wakaja kuchukua amana zao, na Machi 2023 ikaanguka.

Kwa hiyo wachambuzi hawakuwa wanabahatisha. Ila walichoruka ni kwamba mchoro unasema riba inatarajiwa kushuka, hausemi kwa nini. Inaweza kushuka kwa sababu uchumi umeanguka. Inaweza pia kushuka kwa sababu mfumuko umepoa, na benki kuu haina tena haja ya kukaza. Sababu zote mbili huchora mstari uleule.

Na ndivyo ilivyotokea. Mfumuko wa bei wa Marekani ulikuwa asilimia 9.1 Juni 2022, mwaka mmoja baadaye ukawa 3. Riba za miaka miwili na kumi zilibaki zimepinduka tangu Julai 2022 hadi Septemba 2024, na kipindi hicho chote kikapita bila mdororo kutangazwa. Hata muda soko liliukosea: mwanzoni mwa Julai 2024, riba ya mwaka mmoja iliyotarajiwa kuwa 4.4 ilikuwa bado juu ya 5. Benki Kuu ilianza kushusha Septemba. Mwaka 1966 nao mchoro ulipinduka, uchumi ukapunguza mwendo tu. Kwa upande mwingine, ulipinduka 2019 na mdororo ukaja 2020, lakini siamini kuna mnunuzi wa dhamana aliyekuwa amekiona kirusi cha Korona. Midororo yenyewe tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 haifiki kumi. Huo ni ushahidi wa kuheshimu, si wa kuuzia mali.

Sasa turudi Dar. Riba za hatifungani zetu zinapatikana kwenye minada ya Benki Kuu ya Tanzania, ambako wanunuzi wakubwa ni mabenki na mifuko ya pensheni, na wengi wao wananunua na kukaa nazo hadi ziive. Biashara ya mkono wa pili ni ndogo. Riba ya miaka ishirini hapa inaeleza zaidi Serikali inataka kukopa kiasi gani na mifuko ina fedha kiasi gani za kupeleka, kuliko maoni ya soko kuhusu riba ya mwakani. Kuchukua kipimo cha New York ukakisoma kwenye mnada wetu hakukupi kitu. Na ukiuza kwa haraka kwenye soko lenye wanunuzi wachache, bei anaipanga anayenunua.

Kinachotufikia kutoka kule ni urefu wa riba ya muda mfupi. Dola ikilipa zaidi ya asilimia 5 bila hatari, fedha zinakimbilia kwao, na nchi kama yetu inahangaika. Mwaka 2023 dola ilikuwa adimu, na mwenye kontena bandarini alilijua hilo kabla ya mchambuzi yeyote.

Mwenyekiti nilimwachia namba mbili za kufuatilia. Kwenye FRED, tovuti ya takwimu za uchumi wa Marekani, atafute `T10Y3M`, tofauti ya riba ya miaka kumi na ya miezi mitatu, ambayo tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani huitumia kukadiria uwezekano wa mdororo. Ikiwa chini ya sifuri kwa miezi mfululizo, si siku mbili tatu, ndipo aitazame. Kisha aangalie kama riba ya miezi mitatu imeanza kushuka ghafla, kwa sababu mara nyingi mstari huwa umeshaanza kunyooka mdororo unapoanza. Anayeagiza mizigo kwa mkopo wa dola ndiye anayezihitaji zaidi. Hatifungani za kikundi tulizipangia kwa tarehe tutakazohitaji fedha, na mjadala mkali siku ile ukawa ada za shule za Januari.