Mbona hisa zikipanda tunaziuza mapema?

"Mbona zikipanda nauza haraka, zikishuka nazing'ang'ania? Si zitarudi juu tu?"

Ndugu, hiyo imani ya kurudi juu ndiyo inayoumiza. Mtafiti wa fedha Terrance Odean alichambua akaunti 10,000 za wawekezaji wa Marekani, 1987 hadi 1993. Mwaka uliofuata, hisa walizouza kwa faida zilizishinda zile za hasara walizozishikilia, kwa wastani wa pointi 3.4 za asilimia.

Tunaganda kwenye bei tuliyonunulia, ambayo soko haliijui. Na kupoteza laki kunauma kuliko kupata laki kunavyofurahisha, kwa hiyo kuuza tunakuahirisha. Ila Desemba wawekezaji hao hao waliziuza za hasara, kwa kuwa hasara ya kuuza iliwapunguzia kodi ya mwaka huo. Jiulize: ningekuwa na pesa mkononi leo, ningeinunua hisa hii kwa bei hii?