Jalada jeusi limetoka limepauka: nyeusi tupu, nyeusi ya mchanganyiko, na mashine inayochapa

"Wakuu, naomba msaada. Nimechapisha jalada la kitabu, lote jeusi, lina picha ya mwandishi na maandishi meupe. Kwenye kompyuta ni jeusi tii na nimeweka K 100, lakini limetoka kama mkaa uliopigwa vumbi. Fundi anasema tatizo ni faili, mimi naona ni wino wake. Nani yuko sahihi? Kuna nakala 500 bado hazijapigwa laminesheni."

Mkuu, kwa sehemu kubwa fundi wako yuko sahihi. K 100 haisemi "nyeusi kuliko zote". Inasema tu kwamba pleti ya nyeusi, yaani bamba linalobeba wino mweusi, ifunike eneo lote bila kuacha nukta nyeupe. Unachopata ni tabaka moja la wino, na kwenye ofseti tabaka hilo likikauka lina unene wa maikroni moja hivi. Mwanga unapenya kidogo, unagonga karatasi nyeupe iliyo chini, unarudi. Kwenye herufi huoni kitu kwa sababu herufi ni nyembamba na imezungukwa na weupe. Ukitandaza tabaka hilo hilo kwenye jalada zima, jicho linaanza kuona kijivu chenye uhudhurungi.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha kwamba hilo ndilo tatizo lako. Chukua jalada usogee dirishani, kisha linganisha usuli na sehemu yenye giza zaidi ndani ya picha ya mwandishi, tuseme nywele au koti. Kama koti ni jeusi kuliko usuli, jibu umelipata. Kivuli kwenye picha kimejengwa kwa wino nne zilizolaliana, usuli umejengwa kwa mmoja. Wino ni ule ule, umetoka kwenye mashine ile ile siku ile ile. Kama kosa lingekuwa la fundi kubana wino, picha nayo ingepauka.

Kwenye kompyuta hukuliona hilo kwa sababu programu ya InDesign, ukiiacha ilivyokuja, inaonyesha K 100 kama nyeusi nzito kabisa ya skrini. Nenda `Preferences > Appearance of Black`, kisha kwenye `On Screen` chagua `Display All Blacks Accurately`. Usuli wako utageuka kijivu cha giza hapo hapo. Mimi naiweka hivyo siku zote, maana napenda kuhuzunika kabla ya pleti kuliko baada ya pleti.

Dawa ni kuweka rangi nyingine chini ya nyeusi. Mchanganyiko unaotajwa sana ni huu, C ikiwa saiani, M majenta, Y njano na K nyeusi:

```
C60 M40 Y40 K100
```

Jumla yake ni asilimia 240 za wino, na karatasi nzito ya kung'aa inaubeba bila shida. Lakini usiunakili kabla hujauliza swali moja: jalada lako linachapwa kwenye mashine ya rangi ngapi? Hapa ndipo nilipoumia mimi, na sijaona watu wengi wakilieleza.

Miaka kadhaa nyuma nilitengeneza jalada la diwani ya mashairi, nakala 1,000, karatasi ya gramu 300, jeusi kama lako, jina la mshairi kwa herufi nyeupe nyembamba za pointi 9. Nilikuwa nimeshaujua mchanganyiko huo wa rangi nne, nikauweka. Kazi ikaenda kwenye kiwanda kidogo chenye mashine ya rangi mbili, aina ambayo bado inalisha viwanda vingi vya kwetu. Mashine ya rangi mbili inachapa kazi ya rangi nne kwa kupitisha karatasi mara mbili. Kati ya mpito wa kwanza na wa pili karatasi imelowa maji ya mashine, imekauka, imelala usiku kucha kwenye joto na unyevu wa Dar. Inatanuka na kusinyaa kidogo sana, lakini inatosha. Rangi za mpito wa pili hazikai tena pale pale zilipotakiwa.

Usuli ulitoka mweusi wa kupendeza, sikatai. Jina la mshairi ndilo lililoharibika. Nililitazama kwa lensi ya fundi: kila herufi ilikuwa na uzi wa waridi upande wa kushoto na uzi wa manjano chini, na tundu la herufi "e" lilikuwa limezibwa na majenta. Bila lensi ulichoona ni jina lenye ukungu, kama limesomwa na mtu aliyevua miwani. Mshairi alilipokea kwa upole, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angefoka.

Fundi mmoja mzee ndiye aliyenionyesha njia, na naifuata mpaka leo kwenye mashine za rangi mbili. Tumia nyeusi na saiani peke yake:

```
C60 M0 Y0 K100
```

Kisha mwombe fundi aweke nyeusi na saiani kwenye mpito mmoja, majenta na njano kwenye mpito mwingine. Usuli wako wote unajengwa karatasi inapopita mara moja tu, kabla haijapata nafasi ya kubadilika. Picha bado itahitaji mipito yote miwili, lakini picha husamehe kuhama kidogo, herufi nyeupe haisamehi. Na saiani haikuchaguliwa kwa bahati. Wino mweusi wa kawaida una uhudhurungi kidogo, na saiani inauvuta kuelekea ubaridi, ndiyo maana jicho linaiona nyeusi hiyo kuwa na kina. Ukiweka majenta badala yake utapata nyeusi yenye joto, kama kahawa iliyochemka sana. Inaweza kufaa kwa jalada fulani, ila iwe umeikusudia.

Kama kiwanda chako kina mashine ya rangi nne zinazochapa kwa mkupuo, mchanganyiko wa rangi nne ni salama zaidi na weusi wake unakolea zaidi. Hata hivyo maandishi meupe madogo yanahitaji ulinzi. Ninachofanya ni kuzipa herufi mstari wa nje wa pointi 0.5 wenye K 100 tupu, uende nje ya herufi usiile herufi yenyewe. Hivyo ukingo wa herufi unabebwa na pleti moja ya nyeusi, na zile rangi nyingine zinakaa nyuma hatua moja. Zikihama kidogo, zinahamia ndani ya nyeusi, hakuna anayeziona. Kwa mstari huo usitumie ile rangi ya `[Black]` inayokuja na InDesign, kwa sababu kwa kawaida inachapwa juu ya kilicho chini yake bila kukikata, na saiani itaendelea kupita mpaka kwenye ukingo. Tengeneza rangi yako mwenyewe ya 0/0/0/100, uipe jina lako.

Tabia hiyo hiyo ya `[Black]` inaleta kasoro nyingine ambayo wengi humlaumu fundi kwa kutoijua. Ukiweka bendi nyeusi ambayo nusu yake imelala juu ya picha na nusu juu ya karatasi tupu, nusu iliyolala juu ya picha itatoka nzito na nusu nyingine itapauka, na ukingo wa picha utaonekana katikati ya bendi kama mshono wa nguo. Bendi kama hiyo ipe mchanganyiko wa wazi, au ile nyeusi yako uliyoitengeneza, na mshono unapotea.

Sasa usivutike kuongeza wino mpaka mwisho. Kuna rangi inaitwa `[Registration]`, ambayo ni 100 kwa pleti zote nne, jumla asilimia 400. Hiyo ni ya alama za kulenganisha pleti pekee. Nimeona mtu ameitumia kwa usuli: wino haukukauka, ukahamia mgongoni mwa karatasi iliyowekwa juu yake, na rundo lote likashikana. Fundi akiona wino mzito namna hiyo atanyunyiza poda nyingi ili karatasi zisigusane, na poda ile ina gharama yake. Inakwama chini ya utando wa laminesheni, na juu ya nyeusi inaonekana kama vumbi la fedha ambalo halifutiki. Umeongeza wino ili upate weusi, ukaishia kupata kijivu kwa mlango mwingine. Kwa jalada la karatasi ya kung'aa, mimi sivuki asilimia 280 hata kama kiwanda kinaruhusu 300. Kwenye karatasi ya gazeti kikomo kinachotajwa sana ni 240, na hapo K 100 yenye saiani 30 inatosha.

Laminesheni yenyewe nayo ihesabu. Isiyong'aa inasambaza mwanga kila upande, kwa hiyo nyeusi yoyote chini yake inapauka hatua moja. K 100 chini yake huwa kijivu bila ubishi. Kama unaweza kuchagua, ile inayong'aa inarudisha kina, ingawa nakiri kwamba isiyong'aa inapendeza zaidi mkononi.

Maandishi ya ndani ya kitabu yabaki K 100 tupu, daima. Usiyaguse na mchanganyiko wowote. Kazi ikitoka kwenye Word, nyeusi yake mara nyingi ni ya RGB, yaani rangi za skrini, na ikigeuzwa vibaya kila herufi inakuwa ya rangi nne, kitu kama C75 M68 Y67 K90. Fungua `Separations Preview`, kwenye `View` chagua `Separations`, weka mshale juu ya aya yoyote usome: ukiona namba kwenye C, M au Y, faili halijawa tayari.

Kuhusu nakala zako 500, usizilaminishe. Karatasi zikiwa zimekauka kabisa na bado hazijakatwa, fundi anaweza kuzipitisha tena kwa pleti moja tu ya saiani 60 juu ya ile nyeusi. Saiani ikiwa juu badala ya chini haina tofauti kubwa kwa jicho. Ila pleti hiyo iandae upya: kila penye herufi nyeupe na pembeni mwa picha, irudishe nyuma robo ya milimita hivi, kwa sababu karatasi zako zimeshabadilika tangu mpito wa kwanza na hazitalengana sawasawa. Mwambie aanze na karatasi 10, mzitazame pamoja dirishani, halafu zile 490 zifuate.