Prednisoloni ya asubuhi na sukari inayopanda mchana

"Wakuu, naomba msaada. Mama yangu ana miaka 61, hajawahi kuwa na kisukari. Ameanzishiwa prednisoloni miligramu 30 kila asubuhi kwa ajili ya mapafu. Nikimpima alfajiri sukari ni 5 na kitu, jioni inafika 16. Mashine ni mbovu? Jirani ana kisukari, anasema mama achome insulini ya usiku kama yeye."

Mkuu, pole kwa kuuguza. Mashine yako ni nzima. Na hiyo insulini ya usiku usimchome, nitakueleza kwa nini. Mimi ni muuguzi, na nje ya kazi nimemuuguza mama mdogo nyumbani Tabata kwa hali hii hii, kwa hiyo nayajua mambo haya kwa pande zote mbili.

Prednisoloni ikinywewa asubuhi haipandishi sukari papo hapo. Saa za kwanza huoni kitu. Kuanzia kama saa nne baada ya kidonge sukari inaanza kupanda, inafika kileleni alasiri hadi jioni, halafu usiku nguvu ya dawa inapungua na sukari inashuka yenyewe mpaka alfajiri. Dawa hii inafanya misuli isiisikilize insulini, inalisukuma ini litoe sukari zaidi, na inaizuia kongosho isiongeze insulini vya kutosha mtu anapokula. Ndiyo maana mlo wa mchana ndio unaoumiza zaidi: unaingia wakati dawa iko kazini na insulini ya mwili imezidiwa. Alfajiri mtu hajala usiku kucha na dawa imeshaisha nguvu, basi unapata hiyo 5 na kitu.

Mama mdogo ana ugonjwa wa ngozi wa malengelenge, ule ambao ngozi inachubuka kama aliyeungua. Uzito wake ni kilo 60. Alianzishiwa prednisoloni miligramu 40, anakunywa saa moja asubuhi baada ya chai. Baada ya muda akaanza kuamka usiku kukojoa, kiu haikatiki, mdomoni ukaota utando mweupe wa fangasi. Kituo kimoja kilimpima asubuhi akiwa hajala, wakakuta 5.8, wakamwambia hana sukari, aende nyumbani. Hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani wala anainywa saa ngapi.

Nilipomfuatilia nyumbani siku nzima picha ilikuwa hivi. Alfajiri 5.9. Kabla ya chakula cha mchana 11.2. Saa mbili baada ya wali na maharage 17.6. Kabla ya chakula cha jioni 15.1. Wakati wa kulala 12.4. Alfajiri iliyofuata 5.7. Ukisoma namba ya kwanza na ya mwisho peke yake, unaapa kwamba huyu mtu ni mzima.

Kwa hiyo kama stripu ni chache, na najua bei yake inavyouma, usiimalizie alfajiri. Ukiwa na stripu moja tu kwa siku, mpime saa moja au mbili baada ya chakula cha mchana, au kabla ya chakula cha jioni. Ikizidi 11 mara kwa mara kwenye saa hizo, huyo anahitaji daktari, hata kama alfajiri ni safi. Kipimo cha HbA1c nacho hakitakuonyesha tatizo la wiki mbili tatu, kwa sababu kinasoma wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Lakini kina faida nyingine: kikipimwa mwanzoni kabisa mwa matibabu na kikakutwa juu, basi kisukari kilikuwepo tangu zamani na prednisoloni imekifichua tu.

Sasa insulini ya jirani. Kisukari cha kawaida cha watu wazima mara nyingi kinaanza na sukari ya alfajiri kuwa juu, kwa sababu ini linamwaga sukari usiku kucha bila kizuizi. Mtu wa namna hiyo akipewa insulini ya kulalia, inalishika ini usiku na anaamka vizuri. Jirani yako yuko sawa kwa mwili wake. Mama yako ni kinyume chake: usiku sukari yake inashuka bila msaada wa mtu. Ukimwongezea insulini saa hiyo, unaisukuma chini zaidi wakati amelala na hali chochote. Mama mdogo alipewa kwanza sindano ya usiku, saa tatu, na mtu aliyetazama namba ya jioni bila kutazama saa. Usiku wa manane tulimkuta amelowa jasho, anatetemeka, anajibu maswali hovyo. Mashine ilisoma 3.1. Tulimpa maji yenye vijiko vitatu vya sukari, tukampima tena baada ya dakika 15, alipopanda tukampa mkate na chai. Na mchana uliofuata sukari ikapanda vilevile kama hajachomwa kitu. Sindano ilikuwa imefanya kazi usiku, adui yuko mchana.

Daktari wa kliniki ya kisukari alichofanya ni kuihamisha asubuhi. Alimwandikia insulini ya NPH, ile ya maziwamaziwa, achome saa ile ile anayokunywa prednisoloni. Hii insulini inaanza kazi baada ya saa mbili hivi, inashika nguvu kati ya saa ya nne na ya kumi, halafu inaisha kabla ya alfajiri kwa wengi. Iweke juu ya mwendo wa prednisoloni niliokueleza, utaona zinapanda pamoja na kushuka pamoja.

Kipimo madaktari wengi wanakikadiria kwa uzito: uniti 0.1 kwa kila kilo kwa kila miligramu 10 za prednisoloni, na kuanzia miligramu 40 kwenda juu wanaishia uniti 0.4 kwa kilo. Kwa kilo 60 na miligramu 40 hiyo ni uniti 24. Lakini mama mdogo hakuanzishiwa 24. Alianza na 14, kwa sababu umri umekwenda na alikuwa anakula kidogo, kisha ikapandishwa kidogo kidogo kwa kufuata namba ya kabla ya chakula cha jioni hadi ikafika 22. Hapo jioni ikawa inacheza kati ya 8 na 10, na alfajiri ikabaki kwenye 5 na 6. Daktari aliridhika, hakutaka tuifukuze hadi 5 jioni. Hesabu hii nakupa ili umwelewe daktari, si ili umchome mama nyumbani kwa kukadiria. Mwenye figo dhaifu, kwa mfano, anahitaji kipimo cha chini ya hapo.

Kwenye kuchoma kuna jambo wengi hawaonyeshwi. NPH ikikaa, dawa inatuama chini na juu yanabaki maji maangavu. Ukivuta hivyo hivyo, leo unachoma maji, kesho unachoma dawa nzito, halafu unashangaa sukari haieleweki. Chukua kichupa, kizungushe taratibu katikati ya viganja mara kama 20 mpaka kiwe na weupe mmoja kuanzia juu hadi chini, usikitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi. Kikibaki na mabonge au kikaganda ukutani mwa kichupa, kitupe.

Vidonge pia vina nafasi yake, ila vichaguliwe kwa saa zile zile. Sukari ikiwa imepanda kiasi, daktari anaweza kuanza na gliklazidi ya asubuhi. Metifomini inafanya kazi taratibu na hailengi mchana, kwa hiyo peke yake haitoshi kwa mtu anayefika 16 au 17. Glibenklamidi ndiyo siipendi kabisa kwa wazee wa namna hii, inakaa mwilini muda mrefu na inamshusha mtu usiku.

Chakula nacho kisaidie, lakini bila kumtesa. Kiasi cha wanga kipunguzwe mchana, kwa sababu ndiyo saa mbaya, na soda na juisi ziondoke. Usimlaze njaa jioni kwa sababu ya kuona 16. Akikosa chakula cha usiku na insulini bado ina mabaki, anashuka.

Sehemu inayoleta balaa zaidi ni pale prednisoloni inapopunguzwa. Watu wa idara nyingine wanapunguza kidonge, wa kisukari hawaambiwi, insulini inabaki pale pale. Mama mdogo aliposhushwa kutoka miligramu 40 hadi 30, insulini ilishushwa siku hiyo hiyo kwa robo hivi, kutoka 22 hadi 16. Alipofika 20 ikawa 10. Alipofika 10 ikasimamishwa tukaendelea kumpima jioni tu. Kila mama anapobadilishiwa prednisoloni, juu au chini, uliza papo hapo: na insulini au kidonge cha sukari tunafanyaje? Dalili kwamba umechelewa ni namba za alasiri kuanza kuingia chini ya 6, au anasikia njaa kali na jasho kabla ya magharibi.

Na tafadhali, msimwachishe prednisoloni kwa hofu ya sukari. Mtu aliyeitumia zaidi ya wiki tatu hivi, tezi zake zilizo juu ya figo zimelala. Akiacha ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha kuanguka na hata kufa. Sukari inatibika huku dawa ikiendelea.

Haya yote niliyosema ni ya prednisoloni inayonywewa mara moja, asubuhi. Kama mama anagawiwa asubuhi na jioni, au anatumia deksamethasoni ambayo inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, hutaona tena alfajiri nzuri, na NPH moja ya asubuhi huenda isitoshe. Vivyo hivyo kama alfajiri yake ingekuwa 9 au 10, ningekwambia kuna kisukari cha chini kwa chini.

Mashine ikiandika HI, maana yake sukari imepita uwezo wa mashine kusoma. Hapo usingoje kliniki, nenda hospitali. Pia nenda kama anatapika, anapumua kwa kasi, au amekuwa mzito wa kuitika.

Kwa sasa, kabla ya kliniki, mpime siku tatu kwa saa hizi: alfajiri, kabla ya chakula cha mchana, saa mbili baada yake, na kabla ya chakula cha jioni. Kando ya kila namba andika saa aliyokunywa prednisoloni na alichokula. Pia niandikie hapa uzito wake na kama amewahi kupimwa figo, na kama daktari wa mapafu amesema lini atapunguza hizo miligramu 30.